Miguu ya Samani: Acheni Kugawa kwa Nne

Kabati langu la vitabu likijaa lina kilo 240. Nimepata magurudumu manne, kila moja limeandikwa kilo 60. Yanatosha?

Hayatoshi. Kila mara naletewa hesabu hii hii, na kila mara imegawanywa kwa nne. Hakuna sakafu iliyonyooka kabisa. Kabati likisukumwa, gurudumu moja huning'inia na matatu yaliyobaki hubeba mzigo wote. Kwa hiyo 240 gawa kwa 3, upate kilo 80 kwa kila gurudumu. Mimi ningenunua ya kilo 100, kwa sababu likigonga kizingiti au ukingo wa zulia, mshtuko hupita uzito ulioupima likiwa limetulia. Usichukue pia vigurudumu vidogo kwa kuwa havionekani. Kadiri gurudumu linavyokuwa dogo ndivyo linavyonasa kwenye mifereji ya vigae.

Kisha angalia unalifunga wapi. Kwa mzigo huu chagua gurudumu lenye bamba la matundu manne, si lile la pini ya kuchomeka. Kama kabati ni la mbao za unga wa msumeno uliogandamizwa, skrubu zitang'oka. Weka kwanza ubao imara chini yake, kisha funga kwa bolti na nati.

Hujaniuliza hili, lakini kabati refu na jembamba kwenye magurudumu ni hatari. Gurudumu likikwama, sehemu ya juu huendelea na safari, na ukiwa unalivuta, vitabu vinakuangukia wewe. Kama unalisogeza mara moja kwa mwaka, toa vitabu, liweke kwenye miguu ya kawaida na ulifunge ukutani.

Gurudumu gumu au laini, lipi bora?

Zulia linataka gumu, kama nailoni. Mbao, vigae na vinili vinataka lenye ukingo laini. Niulizeni sakafu kwanza, gurudumu baadaye.

Sofa limechimba vishimo kwenye sakafu ya mbao. Niongeze felti nene zaidi?

Felti huzuia mikwaruzo. Vishimo haiwezi kuvizuia, maana ni laini: mguu unazama ndani yake na kubonyeza pale pale ulipokuwa ukibonyeza.

Chukua mguu wa sentimita 2 kwa 2 unaobeba kilo 60. Eneo lake ni sentimita 4 za mraba, yaani kila moja inabeba kilo 15. Uweke mguu huo katikati ya kisahani kigumu cha duara chenye kipenyo cha sentimita 6, eneo linakuwa kama sentimita 28 za mraba, na mzigo unashuka hadi kilo 2 na kidogo. Sofa ni lile lile, ila sasa uzito umetandazwa. Kisahani lazima kiwe kigumu kweli. Kikipinda katikati, umerudi ulikoanzia. Felti ibandike chini ya kisahani, upande wa sakafu.

Vishimo vilivyokwisha kuingia ni kazi ya fundi wa sakafu.

Nimeweka felti chini ya viti vyote vya kulia chakula, na bado sakafu imechunika. Felti ni bandia?

Pindua kiti kabla ya kumlaumu muuzaji. Utakuta mchanga umejikita ndani ya felti, nayo imegeuka msasa. Kiti huvutwa kila siku, kwa hiyo felti yake ipigwe brashi kila unapofanya usafi, na ikishaota ugumu ibadilishwe.

Tazama pia kama imeteleza pembeni. Gundi huhama taratibu kwa kuvutwa kila siku, mpaka ukingo wa mguu unabaki wazi. Kwa viti napendelea zenye msumari katikati, lakini hizo nazo zina mtego wake: felti ikilika, kichwa cha msumari hufika sakafuni. Miguu iliyotanuka hukanyaga kwa ukingo mmoja tu, kwa hiyo itafutie vikanyagio vyenye kiungo kinachocheza, vilale sawasawa na sakafu.

Kofia za mpira zimeacha alama ya njano kwenye vinili. Nisugue kwa dawa gani?

Usisugue, utaharibu na pale palipo pazima. Kemikali za mpira zimeshaingia ndani ya vinili. Badala yake weka vikanyagio ambavyo si vya mpira.

Gurudumu moja la kiti cha ofisi limevunjika. Ninunue moja tu?

Nunua yote matano. Jipya likizidi mengine kimo, kiti kitayumba. Pima pini ya lile la zamani kabla ya kulipa: nyingi zina unene wa milimita 11, lakini si zote, na nyembamba kuliko tundu itadondoka kila ukiinua kiti.