Traki yangu nyeusi na pindo lililoachia Wandegeya

Swali la wiki: "Nguo za jimu na za michezo, je, zinafaa kuvaliwa mjini ukiwa kwenye shughuli zako, au zibaki kwenye mazoezi?"

Zibaki kwenye mazoezi. Nilitaka niandike hivyo tu nimalize, maana kila nikishuka Old Taxi Park naona leging zinazong'aa juani hadi unageuza uso. Lakini nimekaa na hili swali siku tatu, na kila nikishika simu niandike naiona traki yangu nyeusi iko pale kwenye kiti imekunjwa, niliyoivaa juzi kwenda duka la dawa na sokoni na hakuna hata mtu mmoja aliyejua ni nguo ya mazoezi. Kwa hiyo kwangu mimi mambo ya jimu au si jimu yanakuja baadaye. Cha kwanza ni hiyo nguo imefanywa nini kabla haijatoka getini.

Wacha niwaeleze habari ya hii traki, na mnivumilie kidogo kwa sababu iliniuma sana.

Mwezi wa pili mwaka jana nilikuwa nafuatilia karatasi za kiwanja cha marehemu baba, na wanaojua hizo ofisi wanajua hakuna kwenda mara moja. Kutoka hapa Bombo ni takisi hadi mjini, kama kilomita 35 hivi, halafu boda, halafu kusimama foleni, na mimi magoti yangu na gauni refu kwenye takisi iliyojaa havipatani kabisa. Nikaenda Owino upande wa mivumba nikachagua traki nyeusi, kitambaa kizito, haking'ai, ila ina mistari miwili myeupe ubavuni na lastiki za kubana kwenye vifundo. 12,000. Nikampelekea fundi mmoja pale pale, nikamwambia baba, nitolee mistari, kata hizo lastiki, nipindie iwe kama suruali ya kawaida.

Mistari ilikuwa ya kushonewa juu, si ya kubandikwa kwa moto, na hapo nilikuwa na bahati maana ile ya kubandikwa ukiibandua inabaki gundi na alama maisha. Akachukua wembe akaanza kukata uzi mmoja mmoja. Ulipotoka mstari wa kwanza nikaona chini yake kitambaa ni cheusi zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa sababu jua halikuwahi kufika pale, na kuna vitundu vya sindano vimejipanga kama njia ya sisimizi. Akasema mama ukifua mara mbili tatu vitafunga. Vitundu vilifunga kweli, ule weusi mpaka leo ukiangalia karibu unauona. Halafu akakata lastiki, akakunja pindo, akapitisha cherehani ya miguu, mshono ulionyooka, dakika tano kazi imeisha. 5,000. Nikafurahi.

Kesho yake nikavaa na shati jeupe na raba, nikapanda takisi, Matugga, Kawempe, nikashuka Wandegeya kuchukua boda. Ile kupandisha mguu nikae vizuri nikasikia tra! tra! tra! kama mtu anavunja vijiti. Nikadhani ni nyuma, nikashika haraka, nyuma salama. Kumbe ni pindo la mguu wa kulia, limeachia karibu lote, linaning'inia hadi chini ya kisigino na uzi mrefu unapepea. Sina pini, sina sindano, na muda wa ofisi unaenda.

Nikafika mlangoni. Askari akanitazama kuanzia chini, pindo, raba, akapanda juu, akasema, "Mama, humu ndani ni ofisi, si kiwanja cha mpira." Nikamwambia afande nimetoka Bombo asubuhi, nguo imeachia njiani, nina namba yangu ya foleni hii hapa. Akaniambia kuna waraka wa mavazi. Nimebaki nimesimama pembeni ya mlango kama mtoto aliyefukuzwa shule, na wakati huo huo amepita kijana mwanamume, trakisuti nzima juu na chini, rangi ya timu, zipu imefunguka hadi kifuani, akasalimia akaingia. Hakuulizwa kitu! Mwisho nikatoa leso kwenye mkoba nikajifunga kiunoni, traki yangu ikiwa bado ile ile chini yake, ndipo nikaruhusiwa.

Yule askari hakunitukana na ana kazi yake. Lakini ule waraka wa 2017 wa Wizara ya Utumishi wa Umma ulihusu watumishi wa serikali, wavae nini kazini, haukumhusu mwananchi aliyekuja kuulizia kiwanja cha babake. Na kama unamhusu basi umhusu na yule kijana. Sisi wanawake tunakumbuka vizuri 2014 ilipotoka ile sheria iliyoitwa ya minisketi, wenzetu wakavuliwa nguo barabarani, na ilichukua hadi 2021 Mahakama ya Katiba kufuta vifungu vyake, kwa hiyo mtu akinisimamisha mlangoni kwa ajili ya nguo mimi nasikia kitu kingine kabisa.

Nimerudi nyumbani nimevimba. Nikamtupia wifi yangu ile traki, yeye anashona sweta za shule miaka mingi, anazijua nguo zinazovutika. Hata hakuniuliza kilichotokea. Alishika pindo la mguu wa kushoto, lile lililobaki zima, akalivuta kwa mikono miwili na likalia vile vile, tra. Akaniambia wifi, kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki, sasa ukinyanyua mguu unategemea nini? Mshono ulionyooka kwenye nguo ya kuvutika ukikazwa unakatika tu, hata uzi uwe mzuri namna gani. Fundi wangu hakuwa mbaya, ile cherehani yake ya miguu inashona kunyooka basi, kwa kitenge na sare iko sawa kabisa.

Wifi akafumua yote akaanza upya na mimi nikakaa karibu naangalia. Kwanza alibadilisha sindano, akaweka ile ya ncha ya mviringo, kwa sababu sindano kali inatoboa na kukata nyuzi za kitambaa halafu baadaye vinakuja vitundu vinavyotembea, ila ya mviringo inapita katikati ya nyuzi. Halafu akaweka mshono wa zigizaga mwembamba, kama milimita 2 upana, huo ukivutwa unanyooka kidogo na kurudi. Na kitu ambacho sikuwahi kukiona, alikata vipande vya gazeti akaviweka chini ya pindo, akashona pamoja na gazeti, akimaliza analichana linatoka. Nikamuuliza la nini. Akasema bila gazeti meno ya cherehani yanakivuta kitambaa, pindo linatoka na mawimbi kama jani la sukuma, na pindo la mawimbi ndilo linalomwambia mtu hii ni nguo ya kulalia. Urefu akaushusha hadi mfupa wa kifundo, palepale, isikunjane juu ya kiatu.

Kisha akafanya kitu kimoja ambacho kwangu ndicho kilichobadilisha traki ikawa suruali. Alikunja kila mguu katikati mbele, kama unavyokunja suruali ya kupiga pasi, akapitisha mshono mwembamba pembeni kabisa ya mkunjo kuanzia chini ya paja hadi pindoni. Pasi haiwezi kukupa huo mstari kwenye poliesta, ukiweka moto wa kutosha kitambaa kinayeyuka na kubaki na ng'ao usiotoka tena, hasa na hizi pasi zetu za mkaa ambazo huwezi kujua moto umefika wapi. Mstari wa kushonwa unafuliwa na unabaki.

Ndiyo nasema nguo ya mazoezi inaweza kutoka, lakini si zote. Leging nyembamba hakuna fundi atakayeiokoa. Ivute juu ya goti lako ukiwa dirishani, ukiona rangi ya ngozi basi iache nyumbani, ama uivae chini ya gauni. Zile za madoadoa ya kijeshi, dada zangu, ziko tele kwenye mivumba na ni za bei nafuu, msizinunue hata za kuvaa uani. Sheria yetu hairuhusu raia kuvaa kinachofanana na sare ya jeshi na sisi tunaoishi jirani na kambi hapa Bombo hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Na iliyotumika kwa mazoezi isiwe ndiyo ya mjini, hata ukiwa umeifua. Poliesta inashika mafuta ya jasho, kwenye kamba haina harufu, ukikaa kwenye takisi ikapata joto la mwili harufu inaamka na wewe uko katikati ya watu. Kuiloweka nusu saa kwenye ndoo ya maji yenye nusu kikombe cha siki kunasaidia, ila mimi nimeamua ya kutembea asubuhi ni nyingine na ya mjini ni hii. Na ninavaa kipande kimoja tu cha michezo kwa siku. Traki ikiwa chini, juu ni shati la pamba linalofunika makalio, na raba nimeziacha, navaa kiatu cha ngozi cha chini.

Baada ya wiki tatu nilirudi ofisi ile ile, traki ile ile. Askari yule yule akafungua mlango akasema karibu mama. Nimelifikiria sana hilo wakati naandika hapa. Nilianza nikiwa na hakika kwamba alinionea, na kwa yule kijana wa trakisuti bado nasema alinionea, ila pindo kweli lilikuwa linaburuta chini, na mimi mwenyewe nikimwona mtu hivyo ningefikiri ametoka kitandani.

Kwa hiyo ndiyo, vaeni. Sokoni, duka la dawa, kwenda kusajili laini ya simu, kumpeleka mtoto shule, traki iliyoshonwa vizuri inatosha na unapanda boda kwa raha. Msibani hapana, na kwa wakwe hapana, hata iwe na mstari wa mbele ulionyooka namna gani, kwa sababu pale watu wanaangalia umejiandaa vipi kwa ajili yao. Ofisini inategemea nani yuko mlangoni siku hiyo, na leso iwe kwenye mkoba. Hati ya kiwanja nimeambiwa itatoka mwezi ujao, na siku ya kwenda kuichukua nitavaa gauni.

Msomaji, Bombo