Muvi ya MB 6: likague faili kabla hujalibofya

Steshenari nyingi za Moshi na Arusha zina kompyuta moja inayofanya kila kitu. Mchana inachapa barua za wateja na kufungua barua pepe za ofisi, jioni inashusha muvi za kujaza kwenye fleshi. Ndiyo maana muvi yenye kirusi haiishii kwenye muvi.

Tuitazame moja. Umebofya kitufe cha kushusha, ikaja ZIP ya MB 6. Ukaifungua, ndani kuna faili la MB 750 lenye alama ya ile koni ya VLC. Wengi huridhika hapo, kwa kuwa MB 750 ni ukubwa wa muvi kweli. Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayoliumbua. Video huwa imeshabanwa tangu ilipotengenezwa, hivyo ukiitia kwenye ZIP haipungui ila kidogo sana. Kitu kilichosinyaa kutoka MB 750 hadi MB 6 ni programu ndogo iliyojazwa sifuri ili ionekane nene. Na unene huo una kazi nyingine: VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivairasi nyingi kwa mpigo, haipokei faili linalozidi MB 650.

Ile koni nayo si ushahidi, maana mtengenezaji wa programu huibandika alama yoyote aitakayo. Kinachosema kweli ni herufi za mwisho za jina, na Windows huzificha. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bofya `View`, kisha `Show`, uweke tiki kwenye `File name extensions`. Ile `muvi.mp4` sasa itasomeka `muvi.mp4.exe`. Muvi huishia na `.mp4`, `.mkv` au `.avi`. Ikiishia na `.exe`, `.scr` au `.msi`, ifute.

Kuna moja inayoponyoka hata hapo. Faili la `.lnk` Windows haionyeshi mwisho wake hata ukiweka hiyo tiki. Utalijua kwa kimshale kidogo kwenye pembe ya alama yake, na kwa neno `Shortcut` kwenye safu ya `Type`. Mwaka 2024 watafiti wa Mandiant, kampuni ya usalama wa mitandao, walieleza ZIP zilizojifanya muvi za wizi, ndani yake mna `.lnk` ya namna hiyo. Ukiibofya, inaita amri za kushusha virusi vya kuiba taarifa, kama Lumma.

Programu za krak ni ngumu zaidi, kwa sababu yenyewe ni `.exe` kihalali na huna herufi za kuitilia shaka. Hapa tazama masharti. Ukikuta ZIP imefungwa kwa nywila, na nywila yenyewe imeandikwa palepale pembeni, jiulize inamzuia nani. Haikuzuii wewe, inaizuia antivairasi isichungulie ndani. Sharti la pili ni "zima antivairasi kwanza, ni kawaida kwa krak kupigiwa kelele." Na kweli ni kawaida: hata krak isiyoiba chochote hupigiwa kelele, maana inachezea leseni. Ndipo mwizi anapojificha, kwani kelele ya kweli na ile ya kawaida zinafanana, na wewe umeshaambiwa uzipuuze zote. Kwa maoni yetu, masharti hayo mawili yakikutana hakuna la kukagua tena. Achana nayo, hata kama bando limeshaliwa.

Chanzo cha kuaminika ni tovuti ya mwenye programu. Isome anwani kutoka mwisho wa jina kurudi nyuma: `www.videolan.org` ni ya VLC, ila `videolan.org.example.com` ni ya mwenye `example.com`, hata ianze vipi. Ukitafuta Google, matokeo ya juu yenye neno `Sponsored` ni tangazo la kulipiwa, yaruke. Ukishashusha, bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia `Properties`, kisha `Digital Signatures`. Kwa VLC utakuta jina VideoLAN. Programu nyingine ndogo za bure hazina sahihi, hivyo kukosekana kwake pekee si hukumu.

Kama umeshabofya, chomoa intaneti. Kirusi cha aina hii huiba kuki za kivinjari, yaani kile kibali kinachokufanya usiulizwe nywila kila mara, kwa hiyo kubadili nywila peke yake huenda kusimtoe mwizi. Tumia simu au kompyuta nyingine: kwenye akaunti ya barua pepe ondoa vifaa vyote vilivyoingia, kisha badili nywila, kisha weka uthibitisho wa hatua mbili. Kwenye mashine yenyewe usiingie akaunti yoyote mpaka Windows ipigwe upya, na fleshi za wateja zisichomekwe humo.