Mgeni anajua "Habari yako", ila mtaani anaganda

"Wakuu, nimeombwa kumzoesha mgeni maongezi ya Kiswahili hapa Sinza, mara mbili kwa wiki. Kwenye daftari yuko vizuri kabisa, ila akisalimiwa mtaani anaganda au anajibu vitu vya ajabu. Nianzie wapi?"

Mkuu, anza na "za". Daftari limemfundisha "Habari za asubuhi?", lakini akitoka getini anasikia "Za asubuhi?", "Za saa hizi?", "Za huko?" au "Za tangu juzi?". Neno habari limemezwa. Yeye amekaa analisubiri, na lisipokuja anadhani ameulizwa swali jipya ambalo hajawahi kulisoma. Hapo ndipo anapoganda, na wewe ukimwonea huruma ukarudia polepole "HA-BA-RI ZA A-SU-BU-HI" unazidi kumzoesha kitu ambacho hatakisikia kwa muuza genge.

Siku ya kwanza mpe dakika ishirini za "za" peke yake. Msalimie kwa mwendo wako wa kawaida, ukibadilisha mkia tu: za asubuhi, za kazi, za nyumbani, za kutwa, za siku nyingi. Mwambie asihangaike kuuelewa mkia wote. Akishasikia "za" mwanzoni na sauti ikapanda mwishoni, jibu ni "nzuri" au "salama", basi. Mkia ataujua taratibu.

Sasa kwenye majibu. Hata kama habari haikutamkwa, bado ndiyo inayoamua jibu liweje. Tunasema "nzuri" au "njema" kwa sababu zinazoelezwa ni habari, siyo mtu. Mgeni anadhani ameulizwa yeye yukoje, kwa hiyo anajibu "Mimi ni mzuri". Watu wanacheka kwa sababu amejisifia sura yake mbele za watu. Kama anataka kujizungumzia yeye mwenyewe, mpe "Mimi mzima" au "Niko salama", hizo hazina shida.

Kosa jingine la hapo hapo halichekeshi. Ameamka na mafua, anaulizwa "Za asubuhi?", anataka kuwa mkweli, anajibu "Mbaya". Mama wa watu anaacha kukuna nazi, anashika kifua, anauliza kuna nini. Kwetu habari mbaya asubuhi ni msiba au mgonjwa mahututi. Salamu hujibiwa nzuri kwanza, shida inafuata nyuma: "Nzuri, ila mafua yamenibana kidogo." Hapo atapewa pole yake, naye aitikie "Asante" au "Nimeshapoa".

Akishaishika "za", mpe jozi nyingine tatu, siyo siku moja. "Hujambo?" inajibiwa "Sijambo", na wakiwa wengi "Hamjambo?" kwa "Hatujambo". Wanaoanza huirudisha kama ilivyo, wanajibu "Hujambo". Mwonyeshe kwamba hu- ni wewe na si- ni mimi. Akijibu "Hujambo" ni kama anamwambia mwenzake yeye ndiye hana neno. Halafu "Mambo?" na "Vipi?" kwa vijana, jibu "Poa", "Safi" au "Freshi". Hizi asizipeleke kwa wazee. Ile "Jambo" tupu mwache aizoee kuisikia, maana wauza vinyago watamwita nayo, ila asiitumie kwa jirani.

"Shikamoo" ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kuikariri ni rahisi, kazi ni kujua nani anamwamkia nani. Mgeni akishaambiwa ni salamu ya heshima, anaigawa kwa kila mtu. Kijana wa miaka thelathini akimwamkia dada wa rika lake, dada atauliza, "Nimezeeka hivyo?" Kipimo cha kumpa: kama huyo mtu angeweza kuwa mama yake, baba yake, mjomba au shangazi, amwamkie. Akiwa na shaka, "Habari za saa hizi" haimkosei mtu. Upande wa pili, watoto wa shule watamwamkia yeye, naye kwa furaha atajibu "Shikamoo" au "Nzuri". Jibu ni "Marahaba", halijabadilika. Wakiwa kundi watoto wajibiwe hivyo hivyo, na yeye akiwaamkia wazee kadhaa kwa pamoja aseme "Shikamooni".

Tatizo la mwisho kwenye salamu ni kwamba anasalimia mara moja halafu anarukia shida yake. Kwetu salamu ina mizunguko miwili mitatu, na kila mmoja lazima aulizwe. Fanyeni igizo la duka la jirani, wewe ukiwa mama mwenye duka:

– Shikamoo mama.
– Marahaba, hujambo?
– Sijambo. Za tangu asubuhi?
– Salama. Za nyumbani?
– Nzuri, sijui hapa?
– Hapa wazima. Karibu.
– Asante. Naomba mkate mmoja.

Angalia "sijui hapa?". Ndiyo njia nyepesi ya kurudisha swali, na haimo kwenye madaftari mengi: sijui wewe, sijui huko, sijui wao. Akiipata hiyo peke yake, maongezi hayamfii mdomoni. Na aseme "naomba", siyo "nataka". Kwa mwenye duka "nataka mkate" inasikika kama amri.

Igizo likikaa sawa mkiwa mmeketi, simameni. Pishaneni kwenye korido mkisalimiana huku mnatembea, kwa sababu mtaani salamu nyingi zinaisha kabla watu hawajasimama. Mkirudia mara kumi hivi utaona majibu yanaanza kutoka yenyewe. Usimkatize katikati kumsahihisha. Andika pembeni, mkimaliza mpe makosa mawili tu. Ukimpa saba, wiki ijayo atakuja na yale yale saba.

Baada ya salamu yanakuja maswali ya kawaida: unakaa wapi, umeoa, una watoto wangapi, unaelekea wapi. Mwambie mapema kwamba "Wapi saa hizi?" siyo upelelezi, "Hapo mbele tu" inatosha. Swali la ndoa lina mitego miwili. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, kwa hiyo mgeni wa kike asijibu "Nimeoa". Na kama hajaoa, "Hapana" inasikika kama ameapa kutooa maisha yake yote. Jibu letu ni "Bado". Hata "Umekula?" ni hivyo hivyo, bado. Akiwa amekutwa watu wanakula na kuambiwa "Karibu", asijibu "Hapana" kavu. "Asante, nimeshiba" au "Starehe" inamtoa vizuri.

Halafu "ni" na "na". Utasikia "Mimi ni njaa" na "Mimi ni miaka ishirini na nane". Njaa na miaka ni vitu alivyo navyo: nina njaa, nina miaka ishirini na nane. Hili litachukua wiki kadhaa, usikasirike.

Kuna moja dogo la jioni. Atafika kwako saa moja usiku, atakupa mkono na kusema "Usiku mwema". Hiyo ni ya kuagana, kwa hiyo amekuaga kabla hajakaa. Akifika aseme "Za jioni?" au "Za kutwa?", na "Usiku mwema" aitunze mpaka anapovaa viatu. Ukimwambia "Haya, wasalimie nyumbani", ajibu "Zimefika", hata kama anakaa peke yake.