Kukataa safari ya ofisi bila kufungua pochi hadharani

"Wakuu, timu inaenda Zanzibar wikiendi, mchango 250,000. Siwezi, na sitaki kueleza hali yangu. Nisemeje?"

Mkuu, mwandikie mratibu inboksi, si kwenye grupu, na kabla hajalipia boti na vyumba. Usimwambie "nitaangalia". Atakuhesabu, gharama zitagawanywa kwa idadi hiyo, na ukijitoa baadaye wenzako wataongezewa mchango. Hapo ndipo maelezo huanza kudaiwa.

Andika hivi: "Habari za kazi dada. Asante kwa kutuandalia safari. Mimi safari hii sitakuwepo, naomba usiniweke kwenye orodha. Nawatakia safari njema." Ishia hapo.

Kisingizio ndicho kinachowaponza wengi. Ukisema una ratiba, watasogeza tarehe. Ukisema boti inakutapisha, watakutafutia ndege (na bei yake unaijua). Ukiulizwa "kulikoni?", jibu: "Kwema kabisa, ni safari hii tu sitaweza." Kisha uliza nani anashika zamu ya Jumamosi, mazungumzo yatahamia huko. Akitaka kukulipia: "Nashukuru sana dada, acha tu. Mkirudi niletee urojo wa maneno, unisimulie."