Usitangaze tarehe ya vifaranga kabla ya kumulika mayai

"Niko Bondo, mashine yangu inabeba mayai 500 na nimeyaweka Jumatatu. Nataka kuandikia vikundi vya akina mama na makanisa: 'Vifaranga 450 tayari siku ya 21, wataanza kutaga miezi mitano, uhakika.' Ujumbe uko sawa?"

Dada yangu, usiutume huo ujumbe. Niliandika karibu maneno hayo hayo nikiwa Njoro, na bado yananiuma.

Nilikuwa nimeweka mayai 400 siku ya Ijumaa. Jioni hiyo hiyo nikaahidi vifaranga 350 Ijumaa ya wiki ya tatu: 200 kwa kikundi cha akina mama karibu na Ahero, 150 kwa mwalimu mmoja hapa kwetu. Hesabu niliitoa kwa aliyeniuzia mashine. Alinitazama machoni akasema inatotoa asilimia 90. Hakuniambia kwamba hiyo asilimia inahesabiwa kwa mayai yenye mbegu peke yake, si kwa kila yai unalopanga kwenye trei. Huyo mtu alijua, maana anauza mashine kila siku, na bado aliniacha niende kuahidi watu.

Mayai niliyakusanya kwa wafugaji watatu. Mmoja alikuwa na jogoo mmoja mzee kwa makoo wengi, mwingine alikuwa ameyaweka jikoni karibu wiki mbili. Yai likishapita siku saba kabla ya kuingia mashineni, nguvu yake huanza kushuka, na hata likitotolewa huchelewa. Nilipokuja kuyamulika siku ya 18, wakati wa kuyahamishia trei za kutotolea, 74 yalipitisha mwanga kama glasi, hayana kitu. Mengine 21 yalikuwa na pete ya damu, maana yake kifaranga alianza kujiumba ndani akafa mapema. Yakabaki 305, na ahadi yangu ilikuwa 350. Hapo ndipo ningepiga simu. Sikupiga, nikawa naomba Mungu.

Usiku uliotangulia stima ilikuwa imepotea saa tisa nzima. Mayai yakipoa hivyo hayafi yote, lakini hukawia. Ijumaa ikafika hakuna yai lililodonolewa. Asubuhi na mapema mwenyekiti wa Ahero akapiga: "Mwanangu, vifaranga wako kwenye gari gani?" Walikuwa wamezungusha kadibodi, wamemwaga maranda, wamewasha majiko mawili tangu Alhamisi jioni, na akina mama wanapokezana zamu za usiku. Gunia la mkaa likaisha likipasha joto maranda matupu. Vifaranga walianza kutoka Jumamosi jioni, wakamaliza Jumapili. Walikuwa 226, na wenye afya ya kuuzwa 214. Ahero walipata 200 wao Jumatatu. Mwalimu nilimrudishia pesa, na hajanunua kwangu tena.

Kwa hiyo shika hili moja: kabla ya siku ya 18 usimwandikie mtu idadi wala tarehe. Andika kile ambacho tayari umefanya:

"Mama, nimeweka mayai ya kienyeji Jumatatu. Nitayamulika siku ya 18 na nitakupigia siku hiyo nikwambie naweza kukupa wangapi. Usiwashe jiko wala kulipa kabla sijakupigia."

Siku ya 18 hesabu yaliyo meusi ndani, yenye nafasi ya hewa upande mmoja. Mimi huahidi robo tatu ya hayo, si zaidi. Kwa yale 305 ningesema 228, na hata hapo ningepungukiwa kidogo kwa sababu ya stima, ndiyo maana usiku stima ikikatika nashusha tena. Siku ya kusafirisha nataja ya 23, si ya 21. Kifaranga hubaki na kiini cha yai tumboni kinachomlisha siku mbili bila shida, kwa hiyo wakitoka mapema hawaharibiki wakikungoja.

Hiyo "wataanza kutaga miezi mitano, uhakika" ifute kabisa. Vifaranga wa siku moja usiowatenga jinsia, karibu nusu ni majogoo. Anayenunua 100 akisoma maneno yako anaona mayai ya kuku 100. Hao makoo nao hutaga kulingana na atakavyowalisha na kuwachanja, na wewe hutakuwepo. Kuku wa kuokota uani anaweza kufika mwezi wa saba bila yai. Mwambie chanjo uliyompa kifaranga na tarehe yake, kwa sababu hiyo ndiyo iko mikononi mwako.

Anayeona ninakutisha aje tumulike pamoja.

Leo ni siku yako ya ngapi? Kama kuna kikundi ulishakitajia 450 kwa mdomo, wapigie usiku huu kabla hawajanunua mkaa.