Majina yamehama, kilo zimebaki: kuokoa jedwali la korosho linaloandikwa na watu wengi

Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, vyama vingi vya msingi huku Newala, Tandahimba na Masasi vinajikuta na faili moja la Google Sheets linaloandikwa na watu watatu au wanne kwa wakati mmoja. Karani wa mizani anaingiza kilo, mhasibu anakagua, katibu anataka jumla kabla ya mnada. Kosa linaloumiza zaidi katika faili la namna hiyo ni lile ambalo jumla yake haibadiliki. Mtu kapanga safu moja tu kwa alfabeti, majina yamehama, kilo zimebaki palepale.

Tuchukue mfano. Jedwali lina tarehe kwenye safu A, jina la mkulima B, namba yake C, daraja D, magunia E na kilo F, na wakulima wako mstari wa 2 hadi 213. Saa 8:20 mchana mhasibu anatafuta jina la mkulima fulani. Anachagua B2 hadi B213, anaingia `Data`, kisha `Sort range`, anapanga A hadi Z. Jina anaonekana kulipata upesi. Ila Sheets imepanga kile tu alichokichagua: majina 212 yamebadilishana nafasi, na namba, daraja na kilo hazikusogea. Ukijumlisha safu F unapata kilo zilezile za asubuhi, kwa hiyo hakuna kinachokushtua. Mtu wa kwanza kushtuka ni mkulima mwenye stakabadhi ya mzani ya kilo 640 anayesomewa 95.

Dalili ya kuangalia ni hii: safu ya majina imenyooka kwa alfabeti wakati tarehe pembeni yake nazo zimenyooka kwa mfuatano. Wakulima hawaleti mzigo kwa alfabeti. Ukiona hivyo, chukua stakabadhi tatu za karatasi na uzilinganishe na mistari yake kabla hujagusa kitu.

Aliyepanga akigundua papo hapo, `Ctrl+Z` inamtosha. Tabu ni pale anapogundua saa 11 jioni, na karani ameshaongeza mistari 31, kuanzia 214 hadi 244. Hapo ndipo historia ya faili inapohitajika. Kaa kwenye kompyuta, fungua `File`, `Version history`, `See version history`. Upande wa kulia itatokea orodha ya nyakati, na chini ya kila wakati majina ya waliohariri. Bonyeza kimshale cha pembeni ili wakati mmoja ufunguke uone hatua zake ndogondogo, na uhakikishe `Show changes` imewekwa alama, ili visanduku vilivyobadilishwa viwe na rangi ya aliyevibadilisha. Tafuta hatua ambayo safu B nzima imepakwa rangi ya mtu mmoja. Unayoitaka ni ile iliyo kabla yake.

Sasa, kitufe cha `Restore this version` kinavutia sana, lakini usikibonyeze. Kitarudisha faili zima lilivyokuwa kabla ya saa 8:20, na mistari 31 ya karani itaondoka mbele ya macho yake akiwa bado anaandika. Haitapotea moja kwa moja, maana nayo imo kwenye historia, ila mtakuwa na kazi mbili badala ya moja. Bonyeza nukta tatu pembeni ya hatua hiyo, chagua `Make a copy`, upate faili la pili lenye hali ya zamani. Faili la kazi linabaki salama.

Kabla ya kuhamisha majina, hakikisha mistari ya faili zote mbili bado inalingana, kwa sababu inawezekana baada ya saa 8:20 mtu alifuta au kuingiza mstari katikati. Namba za wakulima ndizo shahidi. Nakili C2 hadi C213 kutoka kwenye nakala, zibandike kwenye safu H ya faili la kazi ambayo haina kitu, kisha kwenye kisanduku kitupu andika:

```
=SUMPRODUCT(--(C2:C213<>H2:H213))
```

Ikitoka 0, mistari yote 212 inalingana. Nakili B2 hadi B213 kutoka kwenye nakala, simama kwenye B2 ya faili la kazi, bandika kwa `Ctrl+Shift+V` ili yaingie maandishi peke yake, kisha futa safu H. Ikitoka namba yoyote nyingine, simama: shuka na safu hizo mbili mpaka uone mstari wa kwanza usiofanana, kwani hapo ndipo mstari ulipoingizwa au kufutwa. Rekebisha hapo kwanza. Jina lililosahihishwa baada ya saa 8:20 itabidi lisahihishwe upya.

Haya yote yanategemea kila mtu aingie kwa akaunti yake mwenyewe. Ukibonyeza `Share` ukaweka `Anyone with the link` pamoja na `Editor`, watu wataingia bila kutambulishwa, na historia haitakuambia nani alipanga safu B. Akaunti moja ya ofisi yenye nywila inayojulikana na wote ina ubaya uleule. Acha `Restricted`, ongeza barua pepe za wanaoandika, mmoja mmoja, na anayetaka kusoma tu mpe `Viewer`. Namba za simu na akaunti za benki za wakulima ziweke faili jingine kabisa. Mwenye ruhusa ya kusoma anasoma yote.

Na mtu anayetaka kupanga majina apewe njia isiyogusa wenzake: `Data`, `Create filter view`. Humo anapanga atakavyo, mstari unahama mzima mzima, na karani wa mizani haoni badiliko lolote kwenye skrini yake.

Kosa jingine linalofanana na hili linatokana na maswali. Mhasibu akitilia shaka kilo 480 huandika `480 ?` ndani ya kisanduku. Kwa Sheets hayo sasa ni maandishi, na `SUM` huyaruka bila kusema neno, jumla ikapungua kilo 480. Namba kwa kawaida hukaa kulia mwa kisanduku, maandishi kushoto, hivyo jicho lililozoea hulikamata. Fomula hii inakuhesabia visanduku vya kilo vilivyoingiliwa na maandishi:

```
=COUNTA(F2:F244)-COUNT(F2:F244)
```

Swali liandikwe kwenye komenti. Simama kwenye kisanduku, bonyeza `Ctrl+Alt+M`, andika `@` na barua pepe ya karani, weka alama kwenye `Assign`, naye atapata ujumbe. Taja namba ya stakabadhi ndani ya komenti yenyewe: “Stakabadhi 0117 inasoma 408, hapa ni 480. Ipi sahihi?” Karani anaangalia karatasi, anajibu, anasahihisha kisanduku, ndipo anabonyeza alama ya kumaliza. Swali na jibu vinabaki vimehifadhiwa, na atakayeuliza mwezi ujao atavikuta.

Jioni ya kuamkia mnada, jumla ikishalingana na karatasi, fungua `File`, `Version history`, `Name current version`, uipe jina kama `Kabla ya mnada wa 2`. Faili moja la Sheets linapokea majina 15 tu ya namna hiyo, kwa hiyo yawekee minada, usiyamalize kwa siku za kawaida.