Kusafisha ikisiri ya mgeni wa lugha bila kugusa hoja zake

Miaka kadhaa iliyopita nilimsahihishia mwenzangu ikisiri ya kongamano. Alikuwa amejifunza Kiswahili ukubwani, na sentensi yake moja ilianza na "Inaonekana kwamba". Nikaiona nyepesi mno kwa hadhira ya wanataaluma, nikaandika "Imebainika kwamba". Ikisiri ikakubaliwa. Siku ya kuwasilisha, swali la kwanza kutoka ukumbini lilikuwa: "Mmebaini kwa kipimo gani?" Hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwa amebaini kitu. Aliona dalili, akaandika kuwa ameona dalili. Aliyebaini ni mimi, niliyekuwa nimekaa nyuma ukumbini nikitazama viatu vyangu.

Tangu siku hiyo ninasahihisha kwa utaratibu mwingine. Nitauonyesha kwa ikisiri iliyonifikia karibuni, nayo pia ya mtu ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Nimeifupisha na kubadili mambo madogo ili mwenyewe asitambulike:

"Utafiti hii inaonyesha kwamba wanafunzi ambao wanasoma hadithi kila wiki wanafanya makosa chache ya ngeli. Nilitumia wanafunzi 24 kwa miezi mitatu. Wanafunzi wote hawakuendelea sawa. Labda kusoma hadithi inasaidia kumbuka upatanisho. Matokeo ni muhimu kwa walimu."

Kabla ya kusahihisha chochote, ninaandika pembeni kila dai kwa maneno makavu: nani, wangapi, lini, na mwandishi ana uhakika kiasi gani. Hapa nilipata madai matano, na mawili kati yake sikuweza kuyaandika kwa sababu sikujua yanasema nini. Hiyo ndiyo faida ya hatua hii. Ukianza moja kwa moja kunyoosha sarufi, sentensi yenye utata utainyoosha kuelekea maana uliyoidhani wewe, wala hutagundua kwamba umechagua.

Yapo makosa yasiyohitaji kumuuliza mtu. "Utafiti hii inaonyesha" ni "Utafiti huu unaonyesha". "Kumbuka" inadai "kukumbuka". "Kusoma hadithi inasaidia" inakuwa "kusoma hadithi kunasaidia", kwa kuwa kitenzi-jina kina upatanisho wake wa ku-. Haya ni ya kusahihisha na kusonga mbele.

Kisha kuna makosa yanayofanana na hayo kwa sura tu. Tazama "makosa chache". Mkono unakimbilia "makosa machache", na kisarufi umemaliza. Lakini "makosa machache" maana yake hawakukosea sana, basi. Utafiti wenyewe unaelekea kulinganisha makundi mawili, kwa hiyo pengine alitaka "machache zaidi kuliko" ya wenzao. Wanafunzi wanaweza kuwa na makosa mia moja kila mmoja na bado yakawa machache kuliko ya wengine. Hayo ni madai mawili tofauti, na kiambishi ma- hakiwezi kuamua lipi ni lake.

Njeo nayo ina mtego wake, na hapa sisi wazawa wa lugha ndio wakosaji wakubwa. "Wanafanya makosa" inasikika kama mazungumzo ya kawaida, na sajili ya kitaaluma hupenda "hufanya". Pia "wanafunzi ambao wanasoma" linaweza kufupishwa kuwa "wanaosoma", au kwa madaha zaidi, "wasomao". Zote ni sahihi na zinapendeza. Ila "wanafunzi wasomao hadithi hufanya" ni kauli kuhusu wanafunzi wote, wa jana na wa kesho. Mwandishi aliwachunguza 24 kwa miezi mitatu. Kwa kutafuta lugha nzuri ningekuwa nimempa sheria ya jumla ambayo hakuigundua. Niliacha alama ya swali: je, unazungumzia hawa 24, au wanafunzi kwa ujumla?

Sentensi ya tatu ndiyo iliyonichukua muda mrefu. "Wanafunzi wote hawakuendelea sawa." Inaweza kumaanisha hakuna hata mmoja aliyeendelea vizuri. Inaweza kumaanisha baadhi waliendelea vizuri na wengine hawakuendelea hivyo. Na kwa kuwa "sawa" hubeba pia maana ya ulinganifu, inaweza kumaanisha kwamba waliendelea wote, ila kwa viwango tofauti. "Wote" ikikaa karibu na kitenzi cha kukanusha, hata mzawa huteleza, kwa hiyo simlaumu mgeni. Dawa ni kumwandikia mwandishi sentensi tatu kamili na kumwomba achague moja. Usimuulize "unamaanisha nini hapa?", maana atairudia ileile kwa sauti kubwa zaidi.

"Labda" ni ya mazungumzo, kweli. Mbadala wake uwe wa uzito uleule: "huenda" au "yamkini". Neno kama "bila shaka" haliingii hapa, wala "huchangia", maana nalo linalifuta shaka kimyakimya. Ninapopima vitenzi vya kudai ninavipanga kama ngazi: kudokeza, kuashiria, kuonyesha, kuthibitisha. Mwandishi alisimama kwenye "kuonyesha" katika sentensi ya kwanza, na nimemwacha hapo hapo. Kama ngazi hiyo ni ya juu mno kwa data zake, hilo ni la kumwambia kwa maandishi, si la kurekebisha kimyakimya. Kushusha dai la mtu nako ni kulibadilisha.

"Makosa ya ngeli" sikuyagusa. Nilitamani kuandika "makosa ya upatanisho wa ngeli", lakini mtu anaweza kukosea kwa kuliweka neno katika ngeli isiyo yake tangu mwanzo, na sikujua alihesabu nini. "Nilitumia wanafunzi" nililibadili kuwa "Utafiti ulihusisha wanafunzi", kwa sababu watu hawatumiwi kama chaki. Sikuandika "waliteuliwa", kwani hapo ningekuwa nimemzulia mbinu ya uteuzi.

Majibu yalirudi siku ya pili. Alikuwa akilinganisha na wasiosoma, alizungumzia wale 24 tu, na wote waliendelea ila kwa viwango tofauti. Ikawa hivi:

"Utafiti huu unaonyesha kwamba wanafunzi waliosoma hadithi kila wiki walifanya makosa machache zaidi ya ngeli kuliko wasiosoma. Utafiti ulihusisha wanafunzi 24 kwa muda wa miezi mitatu. Wanafunzi wote waliendelea, ila kwa viwango tofauti. Huenda kusoma hadithi kunasaidia kukumbuka upatanisho. Matokeo haya ni muhimu kwa walimu."

Baada ya hapo nilifunika rasimu ya kwanza na kuandika upya orodha ya madai kutoka kwenye toleo jipya, kisha nikalinganisha orodha mbili. Kila tofauti ilipaswa kuwa na jibu la mwandishi nyuma yake. Fanya hivi hasa ikiwa umelazimika kupunguza maneno ili kutimiza kikomo cha waandaaji, kwa kuwa vinavyokatwa kwanza ni vineno vidogo kama "baadhi", "huenda" na "tu", na hivyo ndivyo vinavyoshikilia ukubwa wa dai. Kata kwanza "katika utafiti wetu huu uliofanyika" na ndugu zake.

Sentensi ya mwisho ya ikisiri ni dhaifu, najua. Muhimu kivipi? Nilimwandikia hivyo, naye akajibu: "Mwalimu, hilo bado sijalijua vizuri." Basi tukaiacha.

Maswali ninayaweka juu kabisa ya barua, kamwe si pembezoni mwa waraka. Mtu mwenye haraka ya tarehe ya mwisho hubonyeza kitufe cha kukubali mabadiliko yote, na maoni ya pembeni hayasomi.